Matumaini ya Kikosi cha Tatu

Kikosi chetu kinatengeneza mabomba ya maji ya moto yanayopasha joto nyumba za mji. Mji wetu uko kaskazini, nyikani, na Januari baridi hushuka hadi digrii thelathini chini ya sifuri. Joto likikatika kwa saa sita, mabomba ya ndani ya nyumba yanapasuka, na hapo huwezi tena kusema unatengeneza, unaokoa. Mimi ni dereva wa gari la dharura. Jina langu Orazbek. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu, na sehemu yake nyingine inanihusu kuliko ninavyopenda.

Kila mwisho wa mwaka, msimamizi wa kikosi huandikia watu wake salamu za mwaka mpya kwenye grupu la simu. Salamu za mwaka uliotangulia ziliandikwa na msimamizi wa zamani kabla hajastaafu. Zilisema: "Wapendwa! Mwaka mpya uwe mwaka wa ushindi! Tuongeze ufanisi kwa asilimia ishirini na tuzidi kuwa familia moja!" Chini yake picha ya mti wa msonobari unaometameta. Miezi miwili na nusu baadaye Medet, fundi wetu wa vali, aliungua miguu yote miwili ndani ya shimo la bomba, na ile familia moja haikwenda kumwona hospitali zaidi ya mara moja.

Yale maneno yaligeuka mzaha. Spana ikimponyoka mtu ikaangukia barafuni, Beksultan atapiga kelele, "Asilimia ishirini!" Gari likikataa kuwaka, "Familia moja, shukeni msukume!" Beksultan ni fundi wa bomba, ana miaka thelathini na minne, mabega kama kabati, na mdomo wake haujui kupumzika.

Novemba tulipata msimamizi mpya: Raushan, aliyekaa miaka kumi na sita kwenye meza ya kupokea simu za dharura. Sote tunamwita apai, kama unavyomwita dada mkubwa unayemheshimu. Yeye ndiye aliyepokea simu ile ya Machi. Mimi ndiye niliyempeleka Medet kwenye shimo lile. Kanuni inasema shimoni watu watatu: mmoja chini, wawili juu wameshika kamba. Siku ile tulikuwa wawili, na hata huo uwili tuuseme kwa aibu, kwa sababu Medet alishuka nami nilikuwa ndani ya gari najipasha mikono. Alikwenda kufunga vali, pakingi inayoiziba isivuje ikapasuka, maji ya digrii tisini yakamfika magotini. Nilisikia sauti nikadhani anaimba.

Basi tarehe ishirini na tatu Desemba mkurugenzi alimpigia apai akamwambia asisahau salamu za kikosi. Akamtumia na mfano wa kuigiza. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la chai, simu iko mezani, spika imewashwa.

"Badilisha majina tu," mkurugenzi alisema. "Na uweke lengo. Watu wanapenda lengo."

"Nimesikia," apai alijibu. Akaufungua ule mfano, akausoma mpaka mwisho, akaufunga.

"Orazbek," akaniuliza, "ukisoma salamu kama hizi, unafikia mstari wa ngapi?"

"Nasoma jina langu kama lipo, apai. Halafu natuma picha ya kikombe cha chai na ua."

"Na kama humo limeandikwa jambo ambalo wewe mwenyewe unalitumaini?"

"Nitashangaa kwanza."

Hakucheka. Alichukua daftari lake la zamu akaandika majina yetu, kila jina kwenye ukurasa wake. Kwa siku nne akatuuliza mmoja mmoja, mbali na wenzetu, swali lile lile: "Unatumaini nini mwaka ujao kwenye kazi hii? Niambie kitu ambacho kikitokea utakiona kwa macho."

Swali hilo ni gumu kuliko unavyodhani. Mzee Anatoly, mchomeleaji wetu, ambaye tunamwita Stepanych kwa jina la baba yake, kwanza alisema anatumaini afya. Apai akamwambia afya ni ya Mungu na daktari, amtajie kitu. Mzee akavuta sigara yake yote, ndipo akasema ana miaka tisa hajala Krismasi ya kwao Waorthodoksi, tarehe saba Januari, mezani kwake. Kila mwaka yuko zamu. Bintiye anakuja kutoka Omsk na kurudi bila kumwona.

Zhibek, anayepokea simu sasa badala ya apai, alisema anatumaini akituuliza kwa redio "mmefika?" tumjibu. "Mnanyamaza kama samaki," alisema. "Nakaa hapa nikihesabu dakika. Tangu Machi nahesabu."

Mimi nilisema mlango wa nyuma wa gari. Unafungwa kwa waya tangu majira ya joto ya mwaka uliotangulia, na fundi anayekaa nyuma anafika kazini ameshaganda.

Beksultan alijibu mbele ya watu, kwa makusudi. "Andika, apai: Beksultan anatumaini kujengewa sauna kazini, na mkandaji awe mrembo."

"Nimeandika," apai akasema, na kweli aliandika.

Jioni yake, tulipokuwa tunakabidhi zamu, nilimwona Beksultan akirudi ofisini peke yake, kofia mkononi. Alikaa humo robo saa. Alipotoka hakuniambia kitu, na hiyo ilikuwa ajabu ya kutosha.

Jina moja lilibaki. Tarehe ishirini na nane apai aliniambia niwashe gari.

"Tunakwenda kwa Medet."

"Apai, mimi nitakusubiri chini."

"Umeshasubiri miezi tisa," akasema. "Panda."

Medet anakaa ghorofa ya nne na mama yake. Alitufungulia mwenyewe, anatembea na fimbo, amenenepa usoni. Mama yake akatandika meza kama ilivyo desturi: chai ya maziwa, maandazi ya baursak, siagi, machenza. Mimi nilikaa nikiangalia kikombe. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na yote yalikuwa yamekimbia.

Medet ndiye aliyeanza. "Mlango wa lile gari lako bado una waya?"

"Bado."

"Nilijua." Akanisogezea sahani. "Kula. Mbona umekaa kama uko mahakamani?"

"Nilikuwa garini, Medet," nikasema. "Nilikuwa najipasha mikono."

"Najua ulikuwa wapi. Mimi ndiye niliyekwambia usishuke, ni dakika mbili tu." Akamenya chenza. "Nimekasirika na wewe kwa sababu hukuja hapa. Kwa lile la gari sijawahi."

Nikala. Mama yake akanijazia kikombe.

Apai akatoa daftari. Alikuwa ameshaandika mstari wake, akausoma kwa sauti: "Tunatumaini Medet atapona kabisa na kurudi kwetu shimoni mwaka ujao."

Medet aliacha kumenya. "Hilo ni tumaini la nani?"

Apai alimtazama. "Letu. Nilidhani na lako."

"Basi andikeni ni lenu. Mimi sirudi shimoni, apai. Mguu wa kushoto hauhisi moto wala baridi. Na hata ungehisi." Akaweka chenza mezani. "Kila mtu akinipigia ananiambia utarudi, utarudi. Nikiikata simu najiona kama mtu anayewadanganya."

Apai alikata ule mstari kwa kalamu, kutoka mwanzo hadi mwisho, mbele yake. "Samahani. Nilitaka kuandika kitu kizuri bila kuuliza. Haya, wewe unatumaini nini?"

Alikataa kusema. Mama yake ndiye aliyesema, akiwa amesimama mlangoni na birika. "Ana ramani ya mabomba yote ya mji ameichora ukutani chumbani kwake. Mtu asiyetaka kazi anachora hivyo?"

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Basi akasema, akiangalia maganda ya machenza. Anataka kukaa kwenye meza ya simu. Vali zote anazijua kwa kichwa, hata zile ambazo kwenye ramani ya ofisi hazimo. Anaweza kumwambia fundi aende wapi kabla gari halijatoka. Lakini hajaomba, kwa sababu aliogopa wataona anaomba kwa kuhurumiwa.

"Nikiandika hilo kwenye salamu, watu wote wataliona," apai alisema. "Na mkurugenzi pia. Huenda akakataa. Sasa unasemaje, niandike au libaki kwangu?"

Medet alikusanya maganda yote kwenye sahani. "Andika," akasema. "Lakini uandike kama nilivyosema mimi. Usiweke ushujaa."

Siku iliyofuata apai alizikalia salamu zile asubuhi nzima, ofisini, mimi na Stepanych tukiwa wasikilizaji wake. Nilidhani ni jambo la dakika kumi. Alisoma mstari, akafuta, akasoma tena. Alikuwa ameandika "tutahakikisha", akafuta, kwa sababu hana uwezo wa kuhakikisha. Alikuwa ameandika "sisi sote", Stepanych akamuuliza sote ni nani, akaweka majina. Kila tumaini aliliuliza maswali mawili: ni la nani, na nani ana uwezo nalo? Lililo mikononi mwetu akaliandikia tarehe. Lililo mikononi mwa wakubwa akaandika ameshaomba lini na atauliza tena lini. Lisilo mikononi mwa mtu akaliita hivyo.

"Sasa sauna ya Beksultan?" Stepanych akauliza.

"Inabaki. Watu lazima wacheke mahali fulani."

Mstari uliomchelewesha zaidi ulikuwa wa Machi. Mwanzoni aliandika "kwa uzembe uliofanyika". Stepanych akatikisa kichwa, akasema hapo kila mtu atatafuta mzembe ni nani, na wa kwanza kujitafuta atakuwa Orazbek. Apai akanitazama, akafuta.

Nilimuuliza kwa nini asisubiri tarehe thelathini na moja kama watu wote. "Siku hiyo simu zinajaa miti ya msonobari," alisema. "Hakuna anayesoma." Akazituma tarehe thelathini, saa nne asubuhi, wakati wa chai, zamu zote mbili zikiwa macho. Hadi leo ninazo kwenye simu:

"Wenzangu wa kikosi cha tatu. Mwaka huu tumetoka mara mia mbili na kumi na nne. Machi, Medet aliungua miguu akiwa kazini. Baadaye tuliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi nilikuwa miongoni mwenu, kwenye meza ya simu. Nalisema hili kwanza kwa sababu sitaki kuwatakia heri kwa kuliruka.

"Stepanych, bomba la Mtaa wa Kinu ulilolichomelea Novemba ukiwa umelala juu ya barafu halijavuja hadi leo. Asante. Zhibek, wewe ndiye uliyemtuliza yule bibi wa nyumba namba sita kwa saa nzima mpaka gari likafika. Asante.

"Nimewauliza mnatumaini nini. Naandika yale mliyoniruhusu. Stepanych anatumaini kula Krismasi nyumbani. Orazbek amechukua zamu yake ya tarehe saba, kwa hiyo hili limeshatimia. Zhibek anatumaini akiuliza 'mmefika?' ajibiwe. Hili ni letu, linaanza leo. Orazbek anatumaini mlango wa gari ufungwe bila waya. Nimepeleka ombi, sijajibiwa, nitauliza tena tarehe kumi na nitawaambia jibu hata likiwa hapana. Beksultan anatumaini sauna. Nalo nimelisikia.

"Medet hatumaini kurudi shimoni. Anatumaini kukaa kwenye meza ya simu, kwa sababu anazijua vali kuliko ramani. Uamuzi si wangu. Barua iko kwa mkurugenzi tangu jana.

"Wengine wameniambia matumaini yao wakaomba yabaki kwangu. Yamebaki.

"Langu ni hili: asishuke mtu shimoni bila wawili juu. Hati ya kazi yenye majina mawili sitaitia saini. Mtu wa tatu akikosekana, nipigieni, nitakuja mwenyewe.

"Baridi haitapungua kwa sababu tunatumaini, na mabomba ya miaka arobaini yatatimiza miaka arobaini na moja. Mwaka mpya mwema. Raushan."

Wa kwanza kujibu alikuwa Medet, ambaye hakuwa ameandika humo tangu Machi. Aliandika neno moja: "Sawa." Halafu Zhibek akaandika kwamba anaanza kutuhesabia. Beksultan akauliza sauna itakuwa ya kuni au ya umeme. Hakuna aliyetuma ua.

Mkurugenzi alipiga simu baada ya robo saa. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo mbaya.

"Raushan, nilikuomba salamu. Umeniandikia ripoti ya ajali. Kesho mkaguzi akiliona hilo la majina mawili, atauliza zamani mlikuwa mnashuka wangapi."

"Kanuni ya watu watatu imebandikwa ukutani, ina saini yako," apai akasema. "Mimi nimeandika natumaini tuifuate. Sikuandika nani hakuifuata."

"Futa mstari huo."

"Nikifuta sasa watakuwa wameshausoma, na watajua nimefuta."

"Na sikukuu utapata wapi watu watatu? Nusu yao watakuwa wanaumwa."

"Nimeandika: wa tatu akikosekana, nitakuja mwenyewe."

Alikata simu. Apai aliweka simu mezani. Akaniomba chai.

Tarehe mbili Januari, saa tatu asubuhi, baridi ilikuwa digrii thelathini na moja. Stepanych alikuwa nyumbani na homa, kweli anaumwa, sauti imekauka. Zamu tulikuwa mimi na Beksultan. Zhibek akatuita kwa redio: mvuke unatoka kwenye mfuniko wa shimo, Mtaa wa Bustani, mbele ya majengo matatu ya ghorofa tano. Tulipofika nilimjibu kwanza: "Tumefika." Nilimsikia akipumua.

Mvuke ulikuwa mzito, mweupe, unaganda juu ya miti na nyaya. Watu walikuwa wameshatoka, na makoti juu ya nguo za kulalia. Mwanamke mmoja akatupigia kelele kwamba ana mtoto mchanga na redieta ya chumbani imepoa kama maiti. Vali ya kufungia bomba hilo iko mle mle shimoni. Ukiifunga, uvujaji unakwisha, halafu unatengeneza kwa nafasi. Kuifunga ni kuizungusha mara thelathini hivi. Dakika mbili au tatu.

Beksultan alivaa buti za mpira, akachukua spana kubwa. Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya mkurugenzi, nami niliisikia kwa sababu baridi hubeba sauti.

"Watu wanaganda. Shuka ufunge, hati tutaandika baadaye."

Beksultan akanitazama. "Ni dakika mbili, Orazbek. Nashuka na kupanda."

Dakika mbili. Sijui kama alijua anasema maneno ya nani. Niliweka buti langu juu ya mfuniko.

"Hapana," nikasema.

"Ondoa mguu, bwana."

"Tuko wawili."

"Naona tuko wawili, najua kuhesabu! Unamwona yule mama? Utamwambia nini, kwamba unasubiri mwaka mpya mwingine?"

"Nimwambie lolote. Hushuki."

Angeweza kuniondoa kwa mkono mmoja. Alinishika begani, nami nikaushika mkono wake, tukasimama hivyo kama watu wawili wanaocheza dansi vibaya, na watu wote wanatuangalia. Nilikuwa naogopa. Si yeye niliyekuwa namwogopa. Kisha alishusha pumzi, akaachia, akaiambia simu, "Mkurugenzi, dereva amesimama juu ya shimo," na akaikata.

Nilimpigia apai. "Natoka," akasema. "Dakika arobaini, basi la sikukuu ni hilo hilo moja."

Dakika arobaini katika baridi ile, na majengo matatu. Nilianza kufikiri nimekosea. Ndipo redio ikaita, Zhibek kwa haraka: "Medet yuko kwenye simu yangu. Niliandika kwenye grupu mko wapi, ameona. Nawaunganisha."

Sauti ya Medet ilitoka kwa kukwaruza. "Beksultan, liache shimo. Duka la fanicha la kona, zamani lilikuwa kiwanda cha mikate. Chini yake kuna vali ya bomba hilo hilo, iko kabla ya shimo lenu. Kwenye ramani mpya haimo kwa sababu kiwanda kilifungwa. Mlango uko nyuma, ghala la chini, ukuta wa kushoto, nyuma ya mbao zozote watakazokuwa wameweka. Inafunguka kwa kulia, usikosee, imegeuzwa. Ifunge kwa kushoto."

"Una uhakika?"

"Niliipaka mafuta mwenyewe miaka minne iliyopita."

Tulimpata mlinzi wa duka, tukamweleza, akatufungulia akilalamika kwamba leo ni sikukuu. Ghala ni chumba cha kawaida, lina mlango, ngazi na taa, hakuna maji ya moto juu ya kichwa cha mtu. Tukahamisha vitanda vitatu na kabati. Vali ilikuwepo. Ilikuwa imekwama, Beksultan akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote huku akitukana kwa lugha mbili, mpaka ikalia na kuzunguka. Kushoto. Tulipotoka nje mvuke juu ya shimo ulikuwa umeshaanza kuwa mwembamba.

Apai alifika amevaa buti za sufu na koti la mumewe, na daftari la hati kifuani. Tukaingiza bomba la pampu, tukatoa maji, tukapuliza hewa, tukashusha kipima gesi kwa kamba mara mbili. Akaandika majina matatu: Beksultan chini, Orazbek na Raushan juu. Akaweka saini na saa. Beksultan akashuka amefungwa kamba, nami kamba niliishika kwa mikono miwili bila kuingia garini hata mara moja. Pakingi ya vali ilikuwa imeliwa yote. Aliibadilisha kwa dakika ishirini na tano, akapanda.

Joto lilirudi baada ya saa mbili na dakika hamsini. Hakuna bomba lililopasuka ndani ya nyumba. Kama Beksultan angeshuka peke yake, pengine angefunga akapanda salama, na majengo yangepoa kwa saa moja tu. Pengine ile pakingi ingepasukia mkononi mwake. Nimeulizwa sana swali hilo, na jibu langu ni kwamba sijui.

Mkurugenzi alimwandikia apai onyo kwa kuchelewesha kazi. Apai alilisoma, akaweka saini chini ya neno "nimepokea", na kwenye taarifa yake ya kazi akaeleza dakika kwa dakika, pamoja na ile vali ya duka la fanicha na nani aliyeitaja. Zhibek aliongeza ukurasa wake. Sijui ni lipi kati ya hayo lililomgusa mkurugenzi, au kama alitaka tu vali nyingine kama hiyo ziingizwe kwenye ramani. Katikati ya Februari Medet aliitwa kwa majaribio, siku tatu kwa wiki, meza ya simu.

Krismasi nilishika zamu ya Stepanych, siku ikapita kimya. Alituletea kesho yake samaki na mkate wa asali, akiwa bado na homa ila ana furaha. Tarehe kumi apai aliuliza habari ya mlango, akatuandikia: "Jibu ni hapana, hakuna vipuri. Nitauliza Machi." Beksultan alimtania kwamba sauna nayo iulizwe Machi.

Nauryz ilipofika, mwaka mpya wetu wa zamani, siku mchana na usiku vinapolingana, tulikaa ofisini kunywa supu ya maziwa na nafaka ambayo mama yake Medet alituletea sufuria nzima. Apai akafungua simu akasoma ujumbe ule tena, mstari kwa mstari, akisema lipi limetimia na lipi bado. Yaliyokuwa bado yalikuwa matatu: mlango, sauna, na la Medet, aliyekuwa bado kwenye majaribio. Watu walisikiliza wakiendelea kula. Alipofika kwenye ule mstari wa waliomwambia kwa siri, alitaka kuuruka.

"Usiruke," Beksultan akasema. Aliweka bakuli chini. "Langu nilimwambia nataka kuacha pombe. Wiki ya kumi na mbili leo." Akatuangalia mmoja mmoja, akisubiri nani atamcheka. "Haya, semeni sasa."

Medet akajibu kutoka kwenye meza ya simu, bila kuvua visikilizio vyake. "Nipe bakuli lako nikuongezee," alisema, "halafu mwende Mtaa wa Reli, kuna maji kwenye ngazi za nyumba namba tisa."

Tukavaa. Tulikuwa wanne.